Kivuli kinachoonekana noti ikiwa mezani

*Habari za kazi. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mpwa wangu yuko Lubumbashi na mzigo wangu, na mteja mpya anataka kulipa taslimu dola 4,200, noti 42 za mia mia. Nimemwambia mpwa asikabidhi mzigo mpaka nione hizo pesa. Mteja amempigia picha noti moja ikiwa juu ya meza, naye akanirushia WhatsApp. Nimeikuza, nikaona kivuli cha uso upande wa kulia, kinaonekana vizuri tu, na ule mstari wa kijivu wa uzi upande wa kushoto. Utepe wa bluu upo. Namba inaanza na LB, chini yake B2, na pameandikwa SERIES 2009A. Kwangu naona iko sawa, ila mume wangu anasema picha haithibitishi kitu. Mparuzo, ule ukwaru unaousikia kidoleni ukiipapasa noti, nitaujuaje kwa picha? Na hizi alama, kila moja inathibitisha nini hasa?*

*Mama Rehema, Mwanza*

Mama Rehema, mzigo ubaki ulipo kwanza. Vitu viwili vilivyokutuliza moyo, kivuli cha uso na mstari wa uzi, ndivyo vinavyotutia wasiwasi kuliko vyote ulivyotaja. Noti halali ya dola 100 ikilazwa mezani, mwanga ukiipiga kwa juu, uso wa alama ya maji hauonekani, au unaonekana kwa mbali sana kama doa lililofifia. Uzi nao ni hivyo hivyo. Vyote viwili vimo ndani ya karatasi, na kinachovitoa ni mwanga unaopita kutoka nyuma. Vikijitokeza waziwazi noti ikiwa imelala, inawezekana kabisa kwamba vimechapwa juu ya karatasi kwa wino wa kijivu.

Tunasema inawezekana, kwa sababu kuna njia moja ya kumtetea mteja wako. Huenda meza ni ya kioo na mwanga ulitokea chini, au noti ilikuwa imeinuliwa kidogo dirishani. Kwa hiyo picha hiyo haitoshi kumwita mtu tapeli, wala haitoshi kumkabidhi magunia. Mumeo amekaribia ukweli, ila tungeisema hivi: picha moja inaweza kuiumbua noti bandia, lakini haiwezi kuithibitisha noti halali. Picha kadhaa zilizopigwa kwa mwanga tofauti, pamoja na video moja isiyokatwa, zinaweza kukufikisha mbali zaidi.

Tuanze na alama ya maji, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Haichapwi. Inatengenezwa karatasi ikiwa bado rojo, kwa kuifanya iwe nene sehemu fulani na nyembamba sehemu nyingine. Ukiielekeza kwenye mwanga, penye unene pana giza na penye wembamba pana weupe, na kati ya hapo kivuli kinapungua polepole bila mpaka. Kwa hiyo mpwa wako anatakiwa apige picha mbili za noti ileile. Ya kwanza noti ikiwa imelala mezani, nafasi tupu iliyo kulia kwa picha kubwa ionekane. Ya pili noti ikiwa imeshikwa mbele ya dirisha mchana, au mbele ya balbu, na simu ikiwa upande wake. Anapopiga ya pili aguse kwenye kioo cha simu palepale penye alama ya maji ili kamera ipime mwanga wa hapo. Asipofanya hivyo, mwanga wa dirisha utaifanya noti nzima iwe nyeusi na hutaona kitu.

Ushahidi wako ni tofauti iliyopo kati ya picha hizo mbili. Mezani uso hauonekani, dirishani unatokea. Halafu aigeuze noti nyuma na kupiga tena mbele ya dirisha: uso uleule lazima uonekane, safari hii ukiwa upande wa kushoto. Ukionekana upande mmoja tu, umechapwa. Ukiwa na kingo kali kama umechorwa kwa kalamu, umechapwa pia.

Angalia na sura yenyewe. Noti ya dola 100 ina Benjamin Franklin: mzee asiye na ndevu, kipaji kimepanda juu kwa upara, nywele zimeshuka pembeni hadi karibu na mabega. Alama ya maji ni sura yake huyohuyo. Tunakuambia uiangalie sura kwa sababu kuna noti bandia ambazo karatasi yake ni halali kabisa. Mtu huchukua noti ya dola 5, akaiosha kwa kemikali mpaka wino ukatoka, kisha akachapa dola 100 juu yake. Noti zote za dola zina ukubwa mmoja, kama milimita 156 kwa 66, kwa hiyo hata kipimo hakimuumbui. Dola 5 za zamani zilikuwa na alama ya maji ya Abraham Lincoln, na mtu mwenye haraka akiona uso dirishani anaridhika. Ndiyo maana mwaka 2008 Wamarekani walitoa dola 5 mpya ambayo alama yake ya maji ni tarakimu 5, si uso tena. Ukiona ndevu kwenye kivuli cha noti ya mia, au ukiona tarakimu 5, hiyo ni karatasi ya dola tano iliyovalishwa nguo ya mia.

Kwa hiyo alama ya maji inathibitisha jambo moja: karatasi imetengenezwa na kiwanda cha karatasi ya noti, na imekusudiwa kwa thamani fulani. Kilichochapwa juu yake ni habari nyingine.

Uzi wa usalama unathibitisha jambo hilohilo, lakini kwa maandishi, na kwa hiyo unausoma bila kubahatisha. Kwenye dola 100 uko kushoto kwa picha ya Franklin, umesimama wima ndani ya karatasi. Picha ya dirishani ikiwa nzuri, utasoma USA na 100 zikipishana kutoka juu hadi chini, na utazisoma mbele na nyuma. Ukisoma USA na 5, umeshapata jibu lako. Mstari mtupu usio na maandishi hautoshi, maana mstari wa kijivu kila printa inauweza. Kama kuna duka la kubadilisha fedha karibu na mpwa, lenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, uzi wa dola 100 chini ya taa hiyo huwaka rangi ya waridi, na wa dola 5 huwaka bluu. Hapo asitegemee picha. Simu inaweza kuibadilisha rangi hiyo, kwa hiyo atazame kwa macho yake mwenyewe.

Sasa mparuzo uliouuliza. Kidole hakiwezi kupapasa picha, lakini mparuzo una kimo, na chenye kimo hutupa kivuli. Mchapo huu hufanywa kwa bamba la chuma lililochongwa mifereji. Wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, kisha karatasi hukandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka iunyonye wino kutoka ndani. Matokeo yake wino husimama juu ya karatasi kama matuta madogo. Kwenye dola 100 mahali pazuri pa kuupima ni bega la Franklin, upande wa kushoto wa noti.

Mpwa afanye hivi. Achague chumba chenye giza, au afunge pazia. Alaze noti mezani na kuinyoosha. Achukue simu ya pili, awashe tochi, ailaze karibu kabisa na meza ili mwanga ukwangue juu ya noti ukitokea pembeni, kama jua la saa kumi na mbili jioni linavyokwangua barabara ya vumbi hadi kila kokoto ikawa na kivuli chake. Kamera iwe juu, ielekee bega. Picha hii iwe ya karibu, bega tu lijaze kioo, wala isiwe ya noti nzima. Kwenye noti halali, mistari ya koti itaonekana imeinuka, kila mmoja na ukingo mmoja unaong'aa na mwingine wenye kivuli. Kisha asogeze tochi upande wa pili: vivuli navyo vihame. Visipohama, ni vivuli vilivyochorwa. Mwanga wa kawaida wa tochi ya simu yenyewe, ule unaotoka mbele pamoja na kamera, usitumike hapa, maana unafuta vivuli vyote na kila noti huonekana bapa.

Picha hiyohiyo inakuonyesha jambo la pili ambalo kwa kweli lina uzito kuliko kimo. Kuza mistari. Mistari ya bamba la chuma ni mizima, haikatiki, inanenepa na kukonda bila kuchanika pembeni. Printa ya wino haina mstari, ina vitone. Ukikuza bega na kuona nukta za bluu, waridi na njano zimerundikana kutengeneza rangi nyeusi au kijivu, hiyo ni printa, na mjadala umekwisha. Kimo peke yake kinaweza kuigizwa kwa kuikandamiza karatasi kwa nyuma, lakini kuviunganisha vitone viwe mstari mzima kwa printa ya mezani haiwezekani.

Mparuzo basi unathibitisha mashine: kwamba noti ilichapwa kwa mtambo mzito wa bamba lililochongwa, ambao si wa duka la stationari. Hauthibitishi karatasi. Na hauthibitishi kila kitu hata kuhusu mashine, kwa sababu kwenye dola 100 za muundo wa zamani zimewahi kukamatwa noti bandia za kiwango cha juu sana zilizochapwa kwa mparuzo wa kweli. Aliyefika hatua hiyo ana mtambo. Ni wachache, lakini ndio sababu hatusimami kwenye alama moja.

Hapo ndipo unapoingia utepe wa bluu, na hapa picha ya mteja wako haina thamani yoyote. Muundo huu wa dola 100 ulianza kutumika tarehe 8 Oktoba 2013, na utepe wake umefumwa ndani ya karatasi. Una lenzi ndogo mno, nyingi mno, na chini yake kuna vipicha vya kengele na tarakimu 100. Noti ikisimama kimya, utepe ni mstari wa bluu tu, na mstari wa bluu kila mtu anauchapa. Ni mpaka uichezeshe. Ukiinamisha noti mbele na nyuma, kengele na 100 hukimbia kushoto na kulia. Ukiinamisha kushoto na kulia, hupanda na kushuka. Yaani zinakwenda upande usioutarajia, na zikiwa njiani kengele hugeuka kuwa 100. Karatasi inayong'aa iliyobandikwa, au utepe uliochapwa, unaweza kumetameta rangi za upinde wa mvua, lakini hautaleta mwendo huo. Na uliobandikwa una ukingo: ukucha ukipita pembeni yake unaweza kuunyanyua. Kwa mtu asiye na mashine yoyote, hii ndiyo alama tunayoiamini kuliko nyingine zote kwenye noti hii.

Wakati anaichezesha, aangalie na vitu viwili vya wino unaogeuka rangi: tarakimu 100 ya pembe ya chini kulia, na kengele iliyo ndani ya kidau cha wino, kulia kwa utepe. Vyote hugeuka kutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Kengele ikiwa na rangi ya shaba humezwa na kidau, maana nacho ni cha shaba. Ikiwa ya kijani hujitokeza. Kuwa makini na picha mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili, moja ikiwa ya shaba na nyingine ya kijani. Simu hujirekebishia rangi yenyewe kila inapopiga, na chini ya taa ya njano hata wino wa kawaida unaweza kuonekana umebadilika. Kwenye video tazama kidau: kengele igeuke kijani huku kidau kinachoizunguka kikibaki shaba. Vikigeuka vyote pamoja, iliyobadilika ni kamera.

Tuje kwenye namba. Ulizotaja zinaelewana. Herufi ya kwanza ya namba inakwenda na mwaka wa toleo: J ni 2009, L ni 2009A, M ni 2013. Herufi ya pili inataja mojawapo ya benki 12 za Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, na lazima ilingane na alama ndogo iliyo chini ya namba ya kushoto: A na 1, B na 2, kuendelea hadi L na 12. Wewe una LB, B2 na SERIES 2009A, na B2 ni New York. Kwa toleo la 2009A saini ya kulia, ambayo ni ya waziri wa fedha wa Marekani, iwe ya Timothy Geithner. Jacob Lew anakuja kwenye toleo la 2013. Angalia pia kwamba namba nzima inarudiwa pande mbili za noti bila kutofautiana hata tarakimu moja.

Vikigongana, kwa mfano namba ianze na LB na chini yake paandikwe F6, au noti iandikwe SERIES 2006 huku ina utepe wa bluu, noti hiyo ni bandia na huhitaji picha nyingine. Lakini vikielewana havithibitishi chochote. Anayeghushi ananakili noti halali, na namba halali zinanakiliwa pamoja nayo. Kwa noti zako 42 kuna faida moja kubwa hapo: mwenye printa hupenda kuchapa noti ileile mara nyingi, na namba yake ileile. Mpwa azipange noti zote, apige picha za namba tu, nawe uziandike kwenye daftari na kuzilinganisha. Namba mbili zikifanana kabisa, angalau moja kati ya hizo noti ni bandia, bila ubishi. Kwa kupitia picha tu, hakuna kipimo kingine kilicho rahisi hivi na chenye jibu la uhakika hivi.

Suala la kukuza picha ya WhatsApp nalo tuliseme, maana wengi wanatafuta maandishi madogo kwenye ukosi wa koti la Franklin, pale palipoandikwa THE UNITED STATES OF AMERICA, wasipoyaona wanasema noti ni feki. Chukua picha iliyofika ikiwa na pikseli 1600 kwa upana, na noti imejaza picha yote. Gawa kwa milimita 156, unapata kama pikseli 10 kwa kila milimita. Herufi yenye kimo cha robo milimita inabaki na pikseli mbili au tatu, na kwa pikseli tatu huwezi kuandika herufi yoyote. Itakuwa mstari wa ukungu hata kama noti imetoka kiwandani jana. Kama unayataka maandishi hayo, mpwa apige ukosi peke yake kwa karibu, kisha akutumie kama faili kwa kuchagua sehemu ya kutuma hati ndani ya WhatsApp, ili programu isiibane. Picha iliyotumwa kawaida haina uwezo huo, na picha iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine haina kabisa. Hiyo ya mwisho utaijua kwa michirizi ya mawimbi ya rangi inayopita juu ya noti.

Na hilo linatuleta kwenye kasoro kubwa ya picha uliyopokea, ambayo haihusu noti: aliyeipiga ni mteja. Hata ingekuwa safi kuliko zote, ingekuonyesha kwamba mahali fulani kuna noti moja safi. Haikuonyeshi kwamba iko mfukoni mwake, wala kwamba zile 41 nyingine ni kama hiyo.

Kwa hiyo tungependa mpwa akutane na mteja mchana, ndani ya chumba chenye dirisha, na ashike noti kwa mkono wake mwenyewe. Aanze video namba ikisomeka, kisha bila kusimamisha aichezeshe noti mbele na nyuma halafu kushoto na kulia kwa sekunde kumi hivi, ainyanyue dirishani mpaka uso na uzi visomeke, aigeuze nyuma hapohapo dirishani, na amalizie kwa kurudi kwenye namba. Noti isitoke kwenye kioo cha kamera hata mara moja. Video ikikatika katikati, ianze upya, kwa sababu kinachounganisha namba ya mwanzo na utepe wa katikati ni huo mwendo usiokatika. Kwa noti moja ni chini ya dakika moja. Bega na tochi ya pembeni apige kando, kwa noti tano au sita anazozichagua yeye katikati ya bunda. Asikubali zile za juu anazopewa.

Noti ikishakaguliwa iwekwe upande wa mpwa na isirudi tena mkononi mwa mteja, hata kwa kisingizio cha kuhesabu upya. Ubadilishaji wa bunda hufanyika hapo, baada ya ukaguzi, watu wakiwa wameshalegea. Akitaka kuhesabu, ahesabu mpwa, mteja akitazama.

Ikitokea katikati ya bunda kuna noti isiyo na utepe wa bluu, usiiite bandia kwa hilo tu. Matoleo ya 1996 hadi 2006A hayana utepe, na Marekani bado inayatambua. Yana alama ya maji, uzi wenye USA na 100, mparuzo na wino unaogeuka rangi. Lakini kwako wewe tunashauri yakataliwe kwa sababu za biashara: maduka mengi ya fedha huku kwetu huyakataa au huyapunguzia bei, na ndiyo yaleyale ambayo bandia zake za hali ya juu ni ngumu kuzitambua kwa macho. Mwambie mteja mapema, kabla hajaja, kwamba unapokea zenye utepe pekee, zisizochanika. Lubumbashi hawatashangaa, huko dola hushikwa kila siku na hata mpasuko mdogo pembeni unatosha noti kurudishwa.

Kama mteja anakubali, kuna njia fupi kuliko zote hizi: waende pamoja benki, pesa ziingizwe kwenye akaunti pale kaunta, mashine izihesabu na kuzikagua, na mzigo utoke baada ya risiti ya benki kutoka. Mashine hupima vitu ambavyo jicho na kamera havivioni. Video ile ifanyike hata hivyo kabla ya kwenda, ili noti ikikataliwa kaunta ijulikane ilitoka kwenye bunda la nani.

Noti ikionekana bandia kabla ya malipo kukamilika, mpwa asiipokee na asikabidhi mzigo. Ikiwa imeshaingia mikononi mwake, asijaribu kuipeleka kwa mtu mwingine, hata kwa nusu bei. Aiweke kwenye bahasha bila kuikunja, aandike tarehe, mahali na jinsi alivyoipata, na aipeleke benki au polisi pamoja na ile video. Atakuwa amepoteza dola 100, na kuna uwezekano mkubwa zisirudi. Ndiyo sababu tunataka kazi hii ifanyike magunia yakiwa bado kwenye gari.